Mjadala: Mehmed alimpa Patriarki nini hasa?

Swali la mwanafunzi, Morogoro: "Tumefundishwa kwamba Mehmed wa Pili, Sultani wa Waosmani, alipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453 alimfanya Patriarki, mkuu wa Kanisa la Othodoksi mjini humo, kiongozi wa Wakristo wote wa dola yake. Ni kweli, au ni hadithi ya baadaye?"

Mwalimu, Dodoma: Sehemu ni kweli. Mji ulianguka Mei 29, na kiti cha Patriarki kilikuwa hakina mtu, maana Gregori wa Tatu, aliyekubali muungano wa Kanisa lake na la Roma, alishaondoka. Sultani akamtafuta mtawa Genadio, mpinzani mkubwa wa muungano huo. Alikuwa ametekwa, akapatikana Edirne, na Januari 1454 akasimikwa. Kwa mtazamo wangu Mehmed alitaka Wagiriki wasimtazame Papa kama mkombozi. Lakini hati yoyote aliyompa Genadio haijabaki.

Msomaji, Mombasa: Hati iliungua, ndugu, hilo linajulikana. Mfumo wa mileti ulianza siku ile ile: kila dini na mkuu wake, mahakama zake, kodi zake. Huo ni uvumilivu wa Kiislamu.

Mwalimu, Dodoma: Habari ya kuungua tumeipata kwa Kanisa lenyewe, ndugu yangu. Karne ya 16 makanisa yalipotishiwa kugeuzwa misikiti, Patriarki hakuwa na karatasi ya kuonyesha, wakaletwa wanajeshi wazee sana kutoa ushahidi wa mdomo juu ya ahadi za Mehmed. Angekuwa na mfumo ulioandikwa, angewahitaji wazee? Na neno mileti kwa maana hiyo lilishika kwelikweli karne ya 19.

Muumini, Nairobi: Mimi ni Muothodoksi wa hapa Kenya. Patriarki wetu ni wa Aleksandria, Misri, na wa Konstantinopoli hatuamrishi. Kwa hiyo sioni alikuwaje mkuu wa wote.

Mwalimu, Dodoma: Dada, swali ni la dola, si la imani. Hata hivyo umegusa penyewe: mwaka 1453 Misri haikuwa ya Waosmani bado, waliitwaa 1517. "Wakristo wote" wangetoka wapi?

Msomaji, Mombasa: Basi alipewa nini?

Mwalimu, Dodoma: Alipewa cheo, na cheo kikapata bei. Masimulizi ya Kigiriki yanasema Simeoni wa Trabzon alimtolea Sultani vipande 1,000 vya dhahabu ili apate kiti. Mara, mama wa kambo wa Sultani, akaja na 2,000 juu ya sinia la fedha, akimtetea Dionisio, na Dionisio akakipata. Tangu hapo kila Patriarki mpya alilipa, na deni likaishia kwa maaskofu na waumini.

Msomaji, Mombasa: Bado walisali na kuoana kwa sheria zao. Hilo huwezi kulifuta.

Mwalimu, Dodoma: Silifuti. Ila kiongozi aliyepewa watu alidaiwa watu hao. Mwaka 1821 Wagiriki walipoasi, Patriarki Gregori wa Tano alinyongwa langoni mwa makao yake siku ya Pasaka. Lango hilo halijafunguliwa tena.

Mwanafunzi, Morogoro: Kwenye mtihani niandike lipi, mwalimu?