Mrejesho: kumzeesha mtu wa miaka 35 hadi 65 pichani

Niliuliza: "Nimemchora makunyanzi, mbona bado anaonekana kijana aliyepakwa rangi?"

Mliosema nianze na umbo mlikuwa sahihi, asanteni sana. Uso ukizeeka hupungua mafuta mashavuni na ngozi hulegea, kwa hiyo makunyanzi peke yake hayatoshi.

Kwenye GIMP nilitumia Warp Transform, brashi pana kama shavu, nguvu ndogo. Nilishusha taya kidogo pande zote mbili za kidevu na kope za juu upande wa nje, nikapunguza unene wa midomo. Nafasi kati ya macho sikuigusa. Ikibadilika, anakuwa mtu mwingine.

Makunyanzi yakaja mwisho, kwenye leya ya Soft light, Opacity 35. Taa ilitoka kushoto, hivyo kwa mkunjo wa puani hadi mdomoni kivuli kinakaa ukingo wa kushoto na mwanga ukingo wa kulia. Mara ya kwanza nilivigeuza, mkunjo ukatokeza kama kovu lililovimba.

Kilichobaki ni shingo. Bado ni nyororo, na ndiyo inayomuumbua kwa sasa.