Maisha bila kuisha kwenye Super Mario Bros.: 075A:08 au SXIOPO?

Barubaru_Mkomani (Lamu)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Shule zimefungwa na watoto wa dada yangu wamehamia kwangu. Nimewawekea Super Mario Bros. ya Nintendo ya zamani, ile ya 1985, kwenye laptopu kuukuu yenye FCEUX, na kwenye simu nina RetroArch. Yule mdogo hafiki hata steji ya pili, maisha matatu yashaisha, kilio. Nataka maisha yasipungue.

Nimetafuta nikapata misimbo miwili ambayo yote inadai kufanya kazi hiyo hiyo. Mmoja ni `075A:08`, wa pili ni `SXIOPO`. Mmoja tarakimu, mwingine herufi tupu. Je, ni kitu kimoja kilichoandikwa kwa namna mbili? Na kama ni tofauti, mwanifundisha nichukue upi?

Maweni_Gemu (Malindi)

Waalaykum salaam. Nilikuwa na kibanda cha gemu hapa Maweni, hayo nimeyafanya sana. Ni kitu kimoja, kaka. Herufi ni za kile kifaa cha Game Genie kilichokuwa kikichomekwa kati ya katriji na mashine, tarakimu ni za emuleta, programu ya kuiga mashine kama hiyo FCEUX yako. Mimi natumia tarakimu kila siku kwa sababu unaona unachofanya: 075A ndipo maisha yanapokaa, na baada ya nukta mbili ni idadi. Usiweke 08, hiyo ni kidogo. Weka `075A:99` watoto wapate maisha tisini na tisa.

Barubaru_Mkomani

Nimeweka `075A:99` kwenye FCEUX sasa hivi. Mtoto kaguswa na adui wa kwanza tu, skrini ikaandika GAME OVER hapo hapo. Bila msimbo angalau alikuwa anakufa mara tatu. Nimerudia na 08, inakwenda vizuri. Kwa nini kubwa ishindwe na ndogo iweze?

Fundi_Langoni (Lamu)

Tuanze na hilo la 99, kwa sababu ndilo linaloonyesha misimbo hii inasomwa vipi.

Maweni_Gemu yuko sawa kwamba 075A ni anwani ya kumbukumbu na kinachofuata ni thamani. Lakini thamani hiyo imeandikwa kwa heksa, hesabu ya kumi na sita. Tarakimu ya kushoto unaizidisha kwa 16, kisha unajumlisha ya kulia. Kwa hiyo 99 ya heksa ni 9 × 16 + 9, yaani 153. Tisini na tisa ya kawaida ingeandikwa 63, kwani 6 × 16 + 3 ni 99.

Sasa, Mario akifa, gemu hupunguza moja kwenye 075A na papo hapo hujiuliza: je, nimeingia chini ya sifuri? Baiti moja inabeba 0 hadi 255, lakini gemu likiuliza swali hilo, kila kitu kuanzia 128 kinahesabiwa kuwa hasi. 153 ukitoa moja ni 152, hiyo ni hasi, basi mchezo umekwisha. Emuleta inarudisha 99 yako kwenye fremu inayofuata, lakini uamuzi umeshapita. Thamani ya juu kabisa inayofaa hapo ni 80 ya heksa, yaani 128, kwani ukitoa moja inabaki 127.

Na 63 ingekubali, ila namba kwenye skrini ya kuanzia steji haitasomeka. Gemu huhifadhi idadi pungufu kwa moja: ukiona maisha 3, kumbukumbuni ni 02. Ukipita 9, tarakimu ya kwanza inageuka picha ya taji, na ukizidi sana unapata takataka za michoro. Ndiyo maana aliyetunga msimbo huo alichagua 08: unaonekana 9, safi, na haufiki kokote pabaya.

Maweni_Gemu

Shukran fundi, hilo la 128 sikulijua. Basi gemu nyingine zinaonyesha 99 vizuri kwa sababu hazina swali hilo?

Fundi_Langoni

Baadhi hivyo. Nyingine zinahifadhi namba ya desimali moja kwa moja, kila nusu ya baiti tarakimu moja, na humo 99 kweli ni tisini na tisa. Huwezi kukisia kwa kuangalia msimbo peke yake. Jaribu, kufa mara moja, tazama.

Nirudi kwenye swali la mwenye uzi. Si kitu kimoja. Mashine ya Nintendo ina kumbukumbu ya kazi ya baiti 2,048 tu, anwani 0000 hadi 07FF. Programu ya katriji katika gemu hili inakaa kuanzia 8000 kwenda juu. 075A iko kwenye kumbukumbu ya kazi, kwa hiyo msimbo wake unabana namba: kila fremu, takribani mara 60 kwa sekunde, emuleta inaandika 08 pale pale. Gemu linatoa, emuleta inarudisha.

SXIOPO ukiifumbua inakuwa anwani 91D9, thamani AD. Hiyo ni ndani ya katriji. Haigusi idadi ya maisha kabisa, inabadilisha amri. Mahali hapo gemu la asili lina CE, na kwa prosesa ya Nintendo CE ni "punguza moja kwenye anwani hii". AD ni "soma kilichopo kwenye anwani hii". Herufi sita zote zile zimebadilisha baiti moja, na kile kitendo cha kupunguza hakipo tena. Gemu linasoma maisha, linaona si hasi, linaendelea.

Kwa watoto mimi ningechukua SXIOPO bila kusita. Ukiokota uyoga wa kijani maisha yanaongezeka kweli, kwani kuongeza ni amri nyingine ambayo haikuguswa. Kwa 075A:08 uyoga wa kijani hauna maana, namba imegandishwa, na mtoto ataona hilo upesi.

Dada_Barani (Malindi)

Samahani niingilie. Mimi msimbo wangu haufanani na yote hayo. Ni wa PlayStation ya kwanza, mistari miwili, mmoja unaanza na D0 na wa pili na 80. Nimeweka ule wa 80 peke yake kwa sababu wa D0 ulionekana hauna kazi, na gemu linaganda kwenye nembo. Nibadilishe uwe kama 075A:08?

Fundi_Langoni

Hapana dada, usiubadilishe, mashine nyingine hiyo. Kule tarakimu mbili za mwanzo ni agizo: 80 inaandika baiti mbili, 30 inaandika baiti moja, na D0 haiandiki kitu, inauliza. "Ikiwa anwani hii ina thamani hii, tekeleza mstari unaofuata." Mara nyingi inasubiri ubonyeze vitufe fulani, au gemu lifike mahali fulani. Ukiuondoa, ule wa 80 unaandika tangu mwanzo, hata kabla gemu halijapakia vitu vyake, ndipo linapoganda. Iweke yote miwili kwa mpangilio uleule, kama msimbo mmoja. RetroArch inataka iunganishwe kwa alama ya +.

Maweni_Gemu

Fundi, kwenye hilo la SXIOPO nakupinga kidogo. Kibandani nilikuwa na faili la toleo la Ulaya la gemu fulani, na nusu ya misimbo ya herufi ilikuwa haifanyi kitu au inaharibu picha. Ya tarakimu iliendelea kufanya kazi.

Fundi_Langoni

Hapo umesema kweli, na ndiyo kasoro yake. Msimbo wa katriji unafuata toleo. Wakisogeza programu hata kwa baiti moja, AD yako inaangukia amri nyingine, au katikati ya amri. Anwani za kumbukumbu mara nyingi hubaki palepale, ingawa si lazima. Dalili ni hiyo hiyo uliyoiona: hakuna kinachotokea, au picha zinavurugika mara tu unapowasha.

Gemu kubwa zina tatizo la ziada, zinabadilisha vipande vya programu kwenye anwani zilezile. Ndiyo maana kuna misimbo ya herufi nane. Mbili za ziada zinabeba baiti ya kulinganisha: badilisha pale tu unapokuta baiti fulani. Super Mario Bros. ni ndogo, haina vipande, kwa hiyo sita zinatosha.

Na tazama maandishi. Game Genie ya Nintendo inatumia herufi 16 tu: A P Z L G I T Y E O X U K S V N. Ukiona B au M, umenakili vibaya. Ukiandika sifuri badala ya O, haikubali.

Barubaru_Mkomani

Nimeelewa. Sasa nimechukua faili la .cht la FCEUX nikalihamishia kwenye simu, RetroArch hailioni.

Fundi_Langoni

Jina la mwisho ni moja, yaliyomo hayafanani. FCEUX inaandika hivi:

```
075a:08:Maisha 9
S91d9:ad:Maisha hayapungui
```

S inamaanisha kubadilisha kinachosomwa, badala ya kuandika kumbukumbuni. Ukikuta nukta mbili kabla ya anwani, chiti hiyo imezimwa. RetroArch inataka hivi:

```
cheats = 2
cheat0_desc = "Maisha 9"
cheat0_code = "075A:08"
cheat0_enable = false
cheat1_desc = "Maisha hayapungui"
cheat1_code = "SXIOPO"
cheat1_enable = true
```

Hesabu ya chiti inaanza na sifuri. Kwenye menyu ya gemu ingia Cheats, kisha Load Cheat File (Replace), halafu Apply Changes. Wengi wanasahau hiyo ya mwisho.

Barubaru_Mkomani

Faili limeingia na mtoto yuko steji ya tatu, Alhamdulillahi. Nikaongeza chiti ya tatu chini yake, haionekani kwenye orodha.

Maweni_Gemu

Mstari wa juu bado unasema `cheats = 2`?

Barubaru_Mkomani

Ndiyo. Nimeandika 3, imetokea.

Dada_Barani

Yangu nimeweka mistari yote miwili, haigandi tena, lakini chiti haifanyi kitu nikicheza.

Fundi_Langoni

Huenda D0 inasubiri kitufe. Angalia maelezo ya msimbo kama yametaja L1 au Select, na uangalie diski yako ni ya Marekani, Ulaya au Japani. Niandikie namba ya diski inayoanza na SLUS, SLES au SLPS.