Naomba ushauri: asidi ya fosforiki, pH na aina inayotawala

Wakuu, habari za Iringa ni baridi tu. Nasoma kemia na jirani yangu mkulima wa mahindi, na tumekwama kwenye H3PO4. pKa zake tatu ni 2.15, 7.20 na 12.35.

Kwa mmumunyo wa 0.10 M nimetumia hatua ya kwanza peke yake, kwa kuwa Ka ya pili ni ndogo mno kuongeza H+ ya maana. Kipeuo cha haraka cha Ka × C kinatoa pH 1.57, lakini asidi inaachia zaidi ya asilimia 20 ya molekuli zake, kwa hiyo njia hiyo haifai. Nikatatua x²/(0.10 − x) = 0.0071, nikapata x = 0.023, yaani pH 1.63. Hapo H3PO4 ndiyo inatawala.

Ubishi ni shambani. Udongo wake una pH 5.5, naye anataka tuanze tena na Ka ya kwanza. Mimi naona pH imeshapangwa na udongo, kwa hiyo tunailinganisha na pKa tu: 5.5 iko kati ya 2.15 na 7.20, basi inatawala H2PO4−. Uwiano wa HPO4²− kwa H2PO4− ni 10^(5.5 − 7.20), karibu 0.02. Hata akiongeza mbolea kidogo, uwiano haubadiliki mradi pH isisogee.

Niko sawa? Na maji ya udongo yakiwa na chumvi nyingi, niitumie bado 7.20 au niishushe, na kwa kiasi gani?