Wazazi hawalipi ada ya deikea, naomba ushauri kabla sijafunga

MamaLea_Kireka
Habari zenu wadau. Nina deikea ndogo hapa Kireka, mwaka wa pili sasa. Nina watoto 17, ada ni shilingi 150,000 kwa mwezi, uji na chakula cha mchana ndani yake. Kati ya hao 17, wazazi 6 hawajalipa mwezi huu, na wawili wao wanadaiwa na mwezi uliopita pia. Asubuhi wanamwacha mtoto getini haraka haraka, simu iko sikioni, na jioni wanatuma mtu wa boda aje kumchukua ili tusionane. Kodi ya nyumba ni 600,000 na mwenye nyumba hana mchezo. Wenye uzoefu, mnawabanaje wazazi wa namna hii? Kuna mtu kaniambia nimzuie mtoto mpaka pesa ije kwenye simu. Inafaa?

Kondakta wa Banda
Kwenye taksi ukipanda bila nauli unashushwa njiani. Tatizo mtoto huwezi kumshusha Bweyogerere, haha. Pole dada.

Mzee wa Bombo
Zamani mtoto alilelewa na nyanya yake, hakuna aliyedai ada. Leo mama ana mtoto wa miezi minne, yuko ofisini Kampala, mtoto yuko kwa mgeni. Halafu tunashangaa watoto hawana adabu. Rudisheni malezi nyumbani.

BintAruwa
Shikamoo mzee, lakini nyanya wengi siku hizi nao wako sokoni wanauza.

Dada, kumzuia mtoto usithubutu. Deni ni la mzazi. Ukimfungia mtoto hapo mpaka usiku, mzazi anakuja na polisi, na kuanzia dakika hiyo mwenye kesi ni wewe. Nimeendesha deikea miaka 11, Arua kisha Kampala. Kabla sijakushauri nijibu mambo mawili: kati ya hao 17, wangapi hawajafika miaka miwili? Na mna wafanyakazi wangapi?

MamaLea_Kireka
Ahsante dada. Wafanyakazi tunao wa kutosha. Mimi shida yangu ni malipo tu.

BabaPacha
Na sisi wazazi mtusikilize. Nina mapacha, nalipa 2 x 160,000. Mshahara wangu unaingia tarehe 28 na kituo kinadai tarehe 15. Kila mwezi naitwa mdaiwa sugu mbele ya yaya. Mimi si mwizi, tarehe ndiyo mbaya. Halafu kituo chenyewe kinawapa watoto uji mwepesi kama maji ya mchele. Mwezi uliopita nililalamika wakaniambia...

MhasibuMukono
Hapa hesabu ni nyepesi. Ongeza watoto. Kodi haipandi ukiwa na 17 wala ukiwa na 25. Wafanyakazi wawili kwa watoto 20 wanatosha kabisa, nasari yetu tulikuwa zaidi ya 30 na mwalimu mmoja na tulisoma.

BintAruwa
Mhasibu, nasari ulikuwa na miaka 5. Ulijua kwenda chooni, na ukiambiwa keti unaketi. Mtoto wa miezi minane kumlisha tu kunakula dakika 20, na wakati huo mikono yako yote miwili iko kwake. Mimi najiuliza swali moja: moto ukitokea jikoni sasa hivi, mtu mzima mmoja anatoka amebeba watoto wangapi? Wawili, labda na wa tatu mgongoni. Uingereza sheria yao ni mtu 1 kwa watoto 3 wasiofika miaka miwili, na 1 kwa 8 wakifika miaka mitatu. Mimi kwa uwezo wetu nilishika 1 kwa 4 kwa wachanga na 1 kwa 10 kwa wakubwa, na hiyo ya 4 ilikuwa inaniumiza roho.

MamaLea, hujajibu. Wangapi?

MamaLea_Kireka
Wachanga ni 9. Wakubwa wa miaka 3 na 4 ni 8. Wafanyakazi walikuwa 3, mmoja nilimwacha mwisho wa mwezi kwa sababu pesa ya kumlipa haikuwepo. Sasa ni 2, na mimi mwenyewe wa tatu. Nimeshapokea na wachanga 5 wapya wa kuanza mwezi ujao, kila mmoja katanguliza 100,000, ndiyo iliyolipa kodi. Kwa hiyo hilo la kuongeza, Mhasibu, nimelifanya tayari. Nikipata wazazi wa kulipa kwa wakati nitamrudisha yule wa tatu. Naomba turudi kwenye malipo.

BintAruwa
Wewe unafanya nini kutwa nzima?

MamaLea_Kireka
Napika, naenda sokoni, nafungua geti, napokea simu za wazazi.

BintAruwa
Basi hauko kwenye hesabu ya walezi. Anayehesabiwa ni yule aliye chumbani na macho yako kwa watoto. Anayepika hahesabiwi, aliye getini hahesabiwi, hata anayefua nepi uani hahesabiwi. Una watu 2 kwa watoto 17, na mmoja akiitwa pembeni anabaki 1. Angalia saa zako tatu mbaya: saa moja asubuhi wanapoingia, saa saba mchana mmoja anapokula, na saa kumi na mbili jioni boda zinapopanga foleni. Ajali za deikea nilizowahi kuziona zote zilitokea saa hizo.

Sasa niambie ukweli, dada. Kuna kitu kimeshatokea?

MamaLea_Kireka
Nilisita kuandika. Alhamisi iliyopita jioni mtu wa boda alipiga honi, mimi nilikuwa jikoni, Auntie akatoka kufungua geti. Mwenzake alikuwa anambadilisha mtoto nepi. Uani chini ya kamba ya nguo kulikuwa na beseni la buluu, maji ya kusuuzia yamebaki kama nusu kiganja. Mtoto wa miezi 13, ndiyo kwanza anatembea, alitoka mlangoni akaangukia ndani kifudifudi. Mtoto wa miaka 4 ndiye aliyepiga kelele "Maji! Maji!" Nilimnyanyua, akakohoa, akalia, nikamvua nguo nikamfunga leso. Baada ya nusu saa alikuwa anacheza. Yuko salama, anakuja kila siku. Mama yake sikumwambia. Ni mmoja wa wale wanaodaiwa miezi miwili, na nilijua nikimwambia ndiyo kisingizio cha kutolipa kabisa. Isitoshe hakuumia.

NesiJinja
Mama, mtoto aliyevuta maji pumzi zinaweza kubadilika saa kadhaa baadaye akiwa keshafika nyumbani: anapumua haraka, anakohoa mfululizo, analegea, anasinzia kupita kawaida. Mama yake angeona hayo usiku angedhani ni mafua, angempa dawa ya kikohozi. Siku hiyo hiyo alitakiwa kupelekwa kituo cha afya na mama apigiwe simu. Siku zimepita na anacheza, tunashukuru Mungu, lakini mwambie. Na beseni: maji ya kina cha vidole viwili yanamtosha mtoto wa umri huo kuzama, kichwa chake ni kizito na mikono haina nguvu ya kujiinua. Tena hapigi kelele wala haruki ruki. Anazama kimya.

Macho4
Jamani mnaamini hii? Namba zote za mviringo, mtoto wa miaka 4 shujaa, na aliyeangukia beseni kwa bahati ni mtoto wa mdaiwa mkubwa. Mwanzo alisema wafanyakazi wanatosha. Mtu katunga akusanye ushauri wa bure wa kufungulia biashara. Weka picha ya daftari la ada.

Kondakta wa Banda
Hata mimi hapo kwenye "Maji! Maji!" niliona kama filamu.

MamaLea_Kireka
Daftari lina majina ya watoto wa watu, siliweki hapa. Sikusema mwanzo kwa sababu niliona aibu. Yule wa miaka 4 alipiga kelele kwa kuwa wamekatazwa kuchezea maji, alikuja kushtaki mwenzake. Hakujua anazama. Tangu siku hiyo nikisikia honi mwili unaisha nguvu. Usiponiamini, sawa.

BintAruwa
Mimi namwamini. Alikuja kushtaki, hilo mtu hatungi.

Dada, nimekaa na hesabu zako. Niambie kama nimekosea: kodi 600,000, wafanyakazi watatu kwa 250,000 ni 750,000, chakula 1,500 kwa mtoto kwa siku 22, watoto 17, ni 561,000, mkaa, maji, umeme, sabuni tuseme 250,000. Jumla 2,161,000. Wote wakilipa unaingiza 2,550,000, unabaki na 389,000. Sita wasipolipa, 900,000 haipo, uko chini kwa 511,000. Ukamwacha mlezi mmoja kuokoa 250,000, bado uko chini kwa 261,000. Hukuziba shimo, na ulinzi umeuondoa.

Kosa kubwa ni kwamba mchanga na wa miaka 4 wanalipa sawa. Ukigawa mshahara wa mlezi kwa wachanga 4, kila mmoja anabeba 62,500. Kwa wakubwa 10, kila mmoja 25,000. Weka kodi 35,000, chakula 33,000, mengine 15,000: mchanga anakugharimu karibu 145,000, mkubwa 108,000. Kwa hiyo wale watano wapya, kila mmoja anakuachia 5,000, na hiyo ni ukimpa mlezi wa kweli. Wamekulipia kodi ya mwezi mmoja tu.

MhasibuMukono
Hapo nimeelewa. Lakini akipandisha ada ya wachanga hadi 190,000, Kireka watahamia kwa jirani anayewalaza kumi kwenye godoro moja.

BintAruwa
Baadhi watahama, sikatai. Hilo sina dawa yake.

Kwa wadaiwa, watenganishe. Wa mshahara wa mwezi wawekee tarehe 1, pesa ikiwa bado mkononi, BabaPacha kasema kweli. Anayeuza sokoni usimdai 150,000 kwa mkupuo, hatakuwa nayo. Mtoze 8,000 kwa siku, analipa getini asubuhi kabla mtoto hajaingia. Nilikuwa na mama wa mboga miaka mitatu, hajawahi kulala na deni. Mtoto mpya aingie na ada ya mwezi pamoja na nusu mwezi ya akiba unayomrudishia akiondoka. Ikifika tarehe 6 hajalipa, mtoto hapokelewi asubuhi. Asubuhi, sio jioni. Na mtu wa boda asiyeandikwa kwenye daftari na mzazi, mtoto hatoki, hata mzazi awe mdaiwa au malaika.

Umesajiliwa?

MamaLea_Kireka
Nina barua ya mwenyekiti wa LC1 tu. Ofisi ya elimu ya Manispaa ya Kira sijaenda, naogopa wakija wataona hao wachanga.

Mzee wa Bombo
Binti, wakija kukuta 9 kwa mtu mmoja wana haki ya kufunga. Mwambie mama wa mtoto kwanza.

MamaLea_Kireka
Wadau, nimerudi. Jana jioni nilimpigia yule mama nikamwomba aje mwenyewe, asitume boda. Nilimweleza yote. Hakupiga kelele. Aliomba aone beseni. Nikampeleka uani, akalishika ukingo, akapima urefu wake kwa mtoto, likamfikia magotini. Akambeba, akaondoka. Leo hakuja, na lile deni la 300,000 sijaligusia.

Wale watano, wawili nimewarudishia 100,000 zao, kwa wengine watatu sina pesa ya kurudisha. BintAruwa, nikimrudisha mlezi wa tatu Jumatatu, nipokee hao watatu au bado?

BintAruwa
Watatu wenye umri gani?