Fidia ya adhabu: kwa nini mdai apewe zaidi ya alichopoteza?

Msafiri_Tanga: Wakuu, fidia ya kumrudishia mtu alichopoteza naielewa. Ila mahakama kuongeza pesa nyingine juu yake "kumwadhibu" mdaiwa, halafu pesa hiyo aichukue mdai, hapo sielewi. Adhabu si kazi ya serikali? Mfano ni Sudani kutozwa mabilioni na mahakama ya Marekani kwa mabomu ya 1998 kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Naomba hoja.

Kijana wa Buguruni: Hoja iko wazi. Adhabu ni ya kesi ya jinai, kesi ya madai ni kulipana tu. Hiyo ya kuadhibu ni mambo ya Wamarekani, kwetu haipo. Na Sudani walilipa dola bilioni 10, nchi masikini ile, kwa kosa la watu wengine kabisa.

Wakili Mstaafu: Kijana, umepatia nusu. Hukumu ilifika kama bilioni 10.2 kweli, lakini hazikulipwa. Kati ya hizo, bilioni 4.3 hivi ndizo zilikuwa za adhabu. Zilizobaki ni fidia ya vifo, majeraha na uchungu wa familia, pamoja na riba. Jaji alijumlisha kwanza fidia kabla ya riba, akaweka adhabu kiasi kilekile. Kwa hiyo hakuokota namba hewani.

Na Sudani haikushtakiwa kwa kosa la majirani. Osama bin Laden aliishi Khartoum kuanzia 1991 hadi 1996, na mahakama iliridhika kwamba serikali ile iliwapa kundi lake, lililolipua balozi, hifadhi na msaada. Ubishi ulikuwa mwingine: sheria inayoruhusu kuitoza nchi ya kigeni fidia ya adhabu kwa ugaidi ilitungwa 2008, bomu lililipuka 1998. Sudani wakasema huwezi kutuadhibu kwa sheria iliyokuja miaka kumi baadaye. Mahakama ya rufani ikawakubalia 2017, adhabu ikafutwa. Mei 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha, ikisema Bunge lilikuwa limeeleza wazi kwamba linataka iguse na makosa ya kabla yake. Ona kwamba fidia yenyewe haikuwa na ubishi huo. Kumrudishia mtu hasara hakumshtui jaji. Kumwadhibu mtu kwa jambo la zamani kunamshtua, ndiyo maana sheria lazima iseme waziwazi.

Nyaboke: Mnataja mabilioni kana kwamba wafiwa walitajirika. Walioshtaki ni Wamarekani, wafanyakazi wa ubalozi na jamaa zao. Wapita njia wa Nairobi hawakupata hata senti.

Achieng wa Eastlands: Wapita njia? Mama yangu mdogo hakuwa mpita njia. Alikuwa anasomea uhazili kwenye jengo la Ufundi, lile lililoporomoka lote kando ya ubalozi. Alikuwa darasani na daftari mbele yake. Tafadhali chunga maneno.

Nyaboke: Pole sana dada. Nilimaanisha wasiokuwa waajiriwa wa ubalozi. Mimi niko upande wako.

Achieng wa Eastlands: Kuwa upande wangu ni kuwaita kwa walivyokuwa. Wanafunzi, makarani, abiria kwenye basi. Waliokufa Nairobi ni zaidi ya 200 na wengi mno hawakuwa na uhusiano wowote na Marekani. Wakili, nieleze, kama ile pesa ilikuwa ya kuadhibu kosa, kosa halikuwafika hao?

Wakili Mstaafu: Liliwafika, dada yangu, na sina jibu la kukutuliza. Sheria ile inafungua mlango kwa raia wa Marekani, wanajeshi wake, wafanyakazi na wakandarasi wa serikali yake, na wanaodai kwa niaba yao. Mama yako mdogo hakuwa na mlango wa kuingilia, kwa fidia wala kwa adhabu. Hata waliokuwa ndani hawakulingana. Sudani ilimaliza jambo kwa mapatano ya dola milioni 335, na katika mgao ulioripotiwa, familia ya Mmarekani aliyeuawa ilikadiriwa karibu milioni 10, ya mfanyakazi wa ubalozi asiye Mmarekani karibu laki nane.

Msafiri_Tanga: Basi hoja yangu imesimama. Kama ni adhabu, ingeingia mfuko mmoja, wagawiwe wote walioumizwa.

Kijana wa Buguruni: Nilisema mimi, mambo ya Wamarekani.

Fundi Cherehani: Samahani wakuu, naona mnazungumzia fidia, mimi nina yangu. Halmashauri yetu ilinivunjia banda la kushonea. Nilikuwa na zuio la mahakama, nikawaonyesha mgambo, mmoja akaliweka mfukoni na wakaendelea kuvunja. Nilidai milioni 40. Hakimu akanipa milioni 6 fidia ya jumla. Vyerehani vitatu na vitambaa vya wateja amekataa kwa sababu sina risiti. Risiti zilikuwa ndani ya banda! Hii ndiyo fidia ya adhabu? Maana naona nimeadhibiwa mimi.

Kijana wa Buguruni: Pole fundi, lakini bila risiti utashinda vipi? Mtu anaweza kusema alikuwa na vyerehani mia.

Fundi Cherehani: Unaniita mwongo? Umewahi kushona wewe? Wateja wangu wote mtaani wanavijua vyerehani vile.

Wakili Mstaafu: Fundi, usimjibu yeye, nisikilize mimi. Hao wateja waliitwa kutoa ushahidi? Hasara inayohesabika hutajwa kimoja kimoja kwenye hati ya madai na kuthibitishwa kwa ukali. Risiti ndiyo njia nyepesi, lakini aliyekuuzia, picha na mashahidi nao ni ushahidi. Milioni 6 ni ya usumbufu na maumivu, hiyo hakimu hukadiria mwenyewe.

Sasa Kijana, soma hapa. Fidia ya adhabu kwetu ipo. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi dhidi ya baraza la manispaa ya Kisumu, ilifuata msimamo wa Waingereza wa 1964. Ukiacha pale sheria inaporuhusu yenyewe, inatolewa mahali pawili: watumishi wa serikali wanapotenda kwa ukandamizaji na ubabe, au mtu anapopiga hesabu kwamba faida ya kosa itazidi fidia atakayolipa. Mgambo anayeweka zuio la mahakama mfukoni anaangukia la kwanza. Lakini jaji hujiuliza kwanza kama fidia ya kawaida inatosha kumuumiza mkosaji. Ikitosha, haongezi kitu.

Msafiri_Tanga: Na halmashauri inalipa kwa ushuru wetu. Mgambo mwenyewe haumii. Unamwadhibu nani hapo?

Wakili Mstaafu: Hilo limewasumbua majaji wengi, na wapo wanaokataa adhabu kwa sababu hiyohiyo. Mimi naona bila adhabu, kuvunja banda kunakuwa nafuu kuliko kusubiri kesi iishe. Milioni 6 kwa halmashauri ni nini?

Achieng wa Eastlands: Kwa hiyo fundi anaweza kudai adhabu na mama yangu mdogo hawezi.

Wakili Mstaafu: Fundi, hati yako ya madai ilitaja fidia ya adhabu na kisa cha lile zuio? Na hukumu ilitoka lini? Muda wa rufaa unakimbia.

Fundi Cherehani: Ilitoka wiki mbili zilizopita. Hati iko kwa wakili wangu, sijawahi kuisoma. Kesho asubuhi naifuata.