Mjadala: Msichana wa miaka 7 atiwe dawa ya kunyoosha nywele?

Mama Imani, Umoja: Binti yangu ana miaka 7, nywele zake ni nzito na kila nikimchana ni kilio. Shangazi yake anaolewa mwezi ujao, na wifi yangu anataka tumtie dawa ya watoto. Yuko tayari kweli?

Shosho wa Kangemi: Wasichana wangu wote niliwatia wakiwa wadogo na hakuna aliyeumia. Siku hizi hata kuna ya watoto, haina ile kemikali kali. Mpake vaselini kando ya nywele na masikioni, basi.

Msusi, Kenyatta Market: Shosho, kwa vaselini uko sawa, na ni kweli nyingi za watoto hazina sodiamu haidroksaidi. Lakini ndani ya boksi utakuta krimu ya kalsiamu haidroksaidi na kichupa cha kuchanganya nayo. Vikikutana vinatoa kemikali nyingine kali, guanidini haidroksaidi. Bila ukali huo nywele hazinyooki. Picha ya mtoto anayecheka kwenye boksi haipunguzi chochote.

Kuna msichana wa miaka 8 aliyeletwa saluni niliyokuwa nikifanya kazi zamani, amefumuliwa matuta asubuhi hiyo hiyo. Mtoto akifumuliwa hujikuna, na kucha huacha mikwaruzo usiyoiona mpaka ugawanye nywele mstari kwa mstari. Aliyemhudumia hakugawanya. Dawa ilipofika kisogoni mtoto akaanza kutikisa miguu, mama yake akamwambia avumilie, naye akavumilia. Alipolia, ilikuwa imeshachoma. Kesho yake kisogo kilikuwa kinatoa maji ya manjano, kisha kikafanya magamba, na magamba yalipotoka yalitoka na nywele.

Mtu mzima huniambia mapema, "Hapa panawasha," nami naosha. Mtoto hajui kuwasha kupi ni kwa hatari, tena ameambiwa asisumbue. Kwangu mimi, kabla ya miaka 12 au 13 simgusi.

Baba Wawili: Hizi shule zinasumbua sana na nywele. Wanyoeni. Wangu wote nimewanyoa.

Mama Imani, Umoja: Baba Wawili, shule haina neno, wanataka matuta tu. Nauliza ya harusi.

Asha, South C: Na saratani je? Hizo dawa si zinaleta saratani ya mfuko wa uzazi?

Muuguzi wa Eastleigh: Asha, utafiti uliotoka Marekani 2022 ulifuatilia wanawake wazima. Waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani hiyo zaidi ya wasiotumia. Hilo halithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoileta, na watoto hawakuwemo. Ila anayeanza na miaka 7 atarudia ritachi kila baada ya miezi miwili hivi, miaka na miaka. Mimi ningefikiria hilo.

Mama Imani, kilio cha kuchanwa pia kikufanye umchunguze ngozi ya kichwa. Ukiona magamba na nywele zilizokatikia kwenye ngozi zikaacha vidoti vyeusi, usiseme ni mba. Huenda ni mapunye, na hayo hutibiwa kwa dawa ya kumeza, krimu peke yake haiyamalizi. Ngozi ya namna hiyo ukiitia kemikali unaichoma.

Wifi wa Mama Imani: Mimi ndiye ninayesemwa hapa. Kama si rileksa, tumtie keratini?

Msusi, Kenyatta Market: Hapana, wifi. Nyingi za hizo zikipigwa pasi hutoa mvuke wa fomaldehaidi. Hata mimi macho hunitoka machozi, sembuse mtoto aliyekaa chini ya ule moshi.

Fanyeni hivi. Siku mbili kabla ya harusi, muosheni, mpakeni kondishona ya kutosha, mfungue mafundo kwa vidole kuanzia nchani kwenda juu. Kilio kingi hutokana na kuchana nywele kavu kuanzia kwenye mizizi. Zikibaki na unyevu kidogo, gawanyeni mafungu na kuyazungushia uzi wa kusukia kuanzia shinani hadi nchani, bila kuvuta ngozi. Alale nazo. Asubuhi mkifungua zitakuwa zimenyooka. Mkitaka zaidi, blodrai ya moto wa chini, mara moja tu.

Wifi wa Mama Imani: Mtoto atacheza, atatoka jasho. Zitarudi kabla keki haijakatwa.

Msusi, Kenyatta Market: Zitarudi, ndiyo, hata mvua ikimnyeshea. Basi zibaneni juu kwa kifundo, mizizi ikijikunja haitaonekana.

Shosho wa Kangemi: Na hiyo blodrai haiharibu? Mnakataza dawa, mnaleta moto.

Msusi, Kenyatta Market: Ukiipiga kila wiki inaharibu, Shosho, sikatai. Lowesha fungu moja baada ya kuosha. Lisipojikunja tena kama zamani, moto umeshaziua hizo, na dawa yake ni kukata.