Tangazo la sabuni ya mwani linatazamwa sana lakini haliuzi: naomba ushauri

BintiPaje: Ndugu wanajukwaa, natengeneza sabuni ya kuogea hapa Paje, Unguja, kwa mafuta ya nazi, unga wa mwani na mafuta ya karafuu. Tangazo langu mtandaoni linasema: "Sabuni nzuri ya asili, inaondoa chunusi, fangasi na madoa, bei maelewano." Picha ni moja, ya sabuni zikiwa zimefungwa kwenye karatasi. Watu huuliza ukubwa, harufu na bei, kisha hupotea. Nirekebishe wapi?

MzeeWaKalibu: Dada, maswali hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika tangazo lako. Anza kichwa kwa maneno ambayo mnunuzi huyaandika anapotafuta: "Sabuni ya kuogea ya mwani na karafuu, gramu 100." Uzito upime baada ya sabuni kukaa wiki nne hadi sita, kwa sababu maji hupungua, na kipande ulichokipima siku ya kukata kitamfikia mteja kikiwa chepesi kuliko ulivyoahidi. Weka picha ya kipande kikiwa kiganjani ili ukubwa uonekane, na nyingine ya karibu inayoonyesha chembe za mwani, kisha ueleze kwamba zinasugua ngozi kidogo. Fangasi na chunusi viondoe kabisa, kwani ukidai kutibu unaitangaza sabuni kama dawa, na huna vipimo vya kuthibitisha.

Sokoni_Leo: Naunga mkono, ila viambato visitajwe vyote. Mteja akisoma kostiki soda ataogopa kuungua.

MzeeWaKalibu: Ni kweli neno hilo linatisha, lakini kulificha kunaondoa imani kwa anayejua kwamba hakuna sabuni ya kipande inayotengenezwa bila hiyo. Eleza kwamba soda imeungana na mafuta na kugeuka sabuni, mradi vipimo vyako ni sahihi. Karafuu ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mafuta yake huweza kuwasha ngozi nyepesi, kwa hiyo andika kwamba haifai kwa watoto wachanga.

MamaMaji: Mimi nauza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na wateja wangu hutaka povu tu. Je, nami nitaje mwani?

MzeeWaKalibu: Ikiwa haumo, usiutaje. Wewe onyesha ujazo wa chupa na sufuria yenye mafuta kabla na baada ya kuoshwa.

BintiPaje: Nashukuru. Nimeandika upya: "Sabuni ya kuogea ya mwani na karafuu, gramu 100. Harufu ya karafuu husikika wakati wa kuoga na hufifia ukishajikausha. Chembe za mwani husugua taratibu. Iweke pakavu baada ya kuoga, isiyeyuke upesi. Shilingi 5,000, usafiri haumo." Bado nasita kuhusu usafiri, maana kwenda Bara unakaribia bei ya kipande kimoja.

Sokoni_Leo: Uza vitatu kwa pamoja, bei ikiwa na usafiri ndani yake.

MzeeWaKalibu: Mimi ningebakiza na kipande kimoja, kwa sababu mteja mgeni hupenda kujaribu kwanza. Weka matangazo yote mawili, uone lipi linaagizwa.